Mteleza barafu akikunja mikono nishati yake inaongezeka: inatoka wapi ikiwa hakuna anayemsukuma?

#1 Mwl_wa_Jioni (mleta uzi)

Habari za jioni, wakuu. Ninafundisha fizikia ya kidato cha tano kwenye darasa la ziada. Juzi niliwaonyesha wanafunzi video ya mchezaji wa kuteleza kwenye barafu ambaye anaanza kuzunguka taratibu akiwa amenyoosha mikono, kisha anaikunja kifuani na mara moja kasi inapanda kiasi kwamba uso wake hautambuliki tena.

Sehemu ya kwanza ya somo haikuwa na ubishi. Hakuna kitu cha nje kinachomzungusha wala kumzuia, ukiacha msuguano mdogo wa barafu, kwa hiyo momenta yake ya mzunguko, yaani kiasi cha mzunguko alichonacho, L = Iω, inabaki ileile. Inesha yake I, yaani ugumu wa kumzungusha, ambao hupungua uzito ukisogea karibu na mhimili, inapopungua, kasi ya mzunguko ω inalazimika kupanda. Ubishi ulianza nilipoandika ubaoni kwamba nishati ya mwendo, ½Iω², ni sawa na L²/2I. Ikiwa L haibadiliki na I imepungua hadi nusu, nishati imekuwa maradufu.

Kijana mmoja akanyoosha mkono akasema: «Mwalimu, ulitufundisha kwamba kani iliyo pembemraba na mwendo haifanyi kazi. Mkono unakwenda kwa duara na unavutwa kuelekea katikati, kwa hiyo kani hiyo haifanyi kazi. Nishati ya ziada imetoka wapi?» Nilimjibu kwamba imetoka kwenye misuli. Akaniuliza misuli imeingizia nishati hiyo mlango gani ikiwa mvuto wake haufanyi kazi. Ningependa kumjibu vizuri kipindi kijacho.

#2 Kamanda_wa_Stendi

Mwalimu, jambo hili ni jepesi kuliko mnavyolifanya. Mkono ulikuwa na mwendo fulani, na mwendo huo unabaki uleule. Kilichopungua ni ukubwa wa duara tu. Duara likiwa dogo, mkono unalimaliza upesi, na sisi watazamaji tunaona mizunguko mingi. Chukua ufunguo uliofungwa kwenye kamba, uuzungushe, kisha uache kamba ijiviringe kwenye kidole. Mwishoni ufunguo unazunguka haraka sana, na wewe hukuongeza chochote. Nishati ni ileile. Hiyo L²/2I yako ina kasoro mahali fulani.

#3 Nusu_Shilingi

Kamanda ameifuta nishati kwa aya moja, wakati wenzetu wanalipia umeme kila mwezi.

#4 Fundi_Beringi

Salaam. Mimi nimelijaribu jambo hili karakana kwa kiti cha ofisi na vyuma viwili vya mazoezi. Ni kweli kasi inapanda ukivuta vyuma kifuani, lakini baada ya muda mfupi kiti kinapungua chenyewe, na ukinyoosha mikono tena huwezi kurudi kwenye kasi uliyoanza nayo, unarudi chini zaidi. Kwa hiyo hiyo momenta mnayosema haibadiliki, kwangu ilibadilika. Nishati inapotea kwenye beringi. Tia grisi nzuri, na kama gololi zimekwisha badilisha beringi yote, maana kiti kikikwaruza huwezi kupata kipimo cha maana.

#5 Mzee_wa_Hesabu

Fundi, ushauri wa grisi tunaupokea, lakini mleta uzi anauliza nishati iliyoongezeka imetoka wapi, nawe umejibu iliyopotea imekwenda wapi. Hata hivyo, bandiko lako lina jambo la kuzingatia: msuguano wa beringi unapunguza L polepole, wakati kuvuta mikono kunachukua chini ya sekunde moja. Kwa muda mfupi hivyo, beringi haijapata nafasi ya kuharibu hesabu. Anayetaka kupima kwa kiti avute haraka, apime mara moja, asisubiri.

Sasa nimjibu kijana wa Mwalimu, kwa sababu swali lake ni zuri na kosa lake liko kwenye neno moja, «duara». Mkono unaovutwa ndani hauko kwenye duara. Ungekuwa kwenye duara, umbali wake kutoka kwenye mhimili usingebadilika. Wakati wa kuvuta, njia yake ni mzingo unaojikunja kuelekea ndani, na katika kila nukta ya mzingo huo mwendo wa mkono una sehemu mbili: moja inayozunguka na nyingine, ndogo, inayoelekea katikati. Kani ya kuvuta ni pembemraba na ile ya kwanza, lakini inaelekea upande uleule na ya pili. Mlango wa kuingizia nishati ni huo. Mchezaji akishafika kifuani na kuituliza mikono, njia inakuwa duara tena, na hapo kijana ana haki kabisa: misuli bado inavuta kwa nguvu, lakini haiongezi hata jouli moja.

#6 Mzee_wa_Hesabu

Naongeza kuhusu ufunguo wa Kamanda, kwa sababu mfano huo unapotosha watu wengi. Kamba inayojiviringa kwenye kidole haivuti kuelekea katikati ya kidole. Inavuta kuelekea pale inapogusa ngozi, pembeni kidogo. Katika hali hiyo mwendo wa ufunguo kweli haubadiliki, nishati haiongezeki, na momenta ya mzunguko ndiyo inayopungua, kwa sababu kidole kinaizuia.

Sasa toa wino kwenye kalamu ya biki, pitisha kamba kwenye bomba lake, zungusha ufunguo juu na uvute kamba kwa chini kwa mkono wa pili. Hapo kamba inavuta kuelekea katikati kabisa. Ukipunguza urefu wa kamba hadi nusu, mwendo wa ufunguo unakuwa mara 2, mizunguko kwa sekunde inakuwa mara 4, na nishati inakuwa mara 4. Kwenye kidole, kamba ikifika nusu, mizunguko inakuwa mara 2 tu. Tofauti ni kwamba kwenye kalamu kuna mkono unaovuta, nao unausikia uzito wa kuvuta, wakati kwenye kidole hakuna anayevuta.

#7 Kamanda_wa_Stendi

Vizuri. Basi nikuulize wewe unayejua: mkono wa mteleza barafu umefungwa wapi? Umefungwa begani, na bega haliko kwenye mhimili, liko pembeni kama ile ngozi ya kidole. Kwa hiyo mteleza barafu anafanana na ufunguo wangu kuliko kalamu yako.

#8 Nusu_Shilingi

Hapa Kamanda amepiga bao. Mzee, nakusubiri.

#9 MamaTumaini

Samahani kwa kuingilia kati ya wanahesabu. Mimi naishi Minesota na binti yangu anacheza mchezo huu, kwa hiyo naketi kando ya uwanja wa barafu karibu kila wiki nikiwa na koti zito. Kocha wake hamruhusu kukunja mikono ghafla. Kwanza anamtaka atulie kwenye mhimili, yaani chuma cha kiatu kichore viduara vidogo palepale bila kusafiri, ndipo alete mikono na ule mguu ulio huru taratibu, vyote pamoja. Akivuta upande mmoja kabla ya mwingine, anayumba na mzunguko unakufa.

Jambo la pili ambalo huenda likamsaidia Mwalimu: binti yangu anasema kukunja mikono ni kuzito. Mtu akiwa amesimama tu, kuleta mikono kifuani si kazi, lakini akiwa anazunguka mikono inang'ang'ania kwenda nje na lazima aivute kwa nguvu za kifua na mabega. Akimaliza mazoezi ya mizunguko mingi, vidole vinakuwa vyekundu kwa damu iliyokimbilia huko.

Kuna mwanamke wa Urusi, Natalia Kanounnikova, anayeshikilia rekodi ya mizunguko 308 kwa dakika. Jaribuni kufikiria mikono ya mtu huyo.

#10 Chura_wa_Pwani

Dada, rekodi hiyo ya 2006 ilivunjwa. Mkanada Olivia Oliver alifikisha 342 kwa dakika mwaka 2015, jijini Wasova. Wengine huichanganya na ya Lucinda Ruh wa Uswisi, ambayo ni ya kuzunguka mara nyingi bila kukatiza: mara 115 kwa mguu mmoja, Chikago, mwaka 2003. Hiyo ya Ruh ni ya kudumu, siyo ya kasi.

#11 MamaTumaini

Asante, nimeelewa.

#12 Mzee_wa_Hesabu

Kwa kasi hizo, uzito wa kuvuta anaousema MamaTumaini unaweza kukadiriwa. Ukizunguka mara 5 kwa sekunde, kitu kilicho sentimita 20 kutoka kwenye mhimili kinahitaji kuvutwa ndani kwa nguvu ya takriban mara 20 ya uzito wake. Kiganja cha nusu kilo kinavuta bega kama ndoo ya kilo 10. Damu ndani ya vidole nayo inabanwa nje hivyohivyo, ndiyo maana vinakuwa vyekundu.

Sasa narudi kwa Kamanda, kwa sababu hoja yake ya #7 ni ya kweli kwa nusu. Ukiutazama mkono peke yake, bega haliko kwenye mhimili, na momenta ya mzunguko ya mkono kweli inapungua. Lakini kidole chako kwenye mfano wa ufunguo kimeshikwa na mwili uliosimama ardhini, kwa hiyo momenta inayotoka kwenye ufunguo inaishia ardhini na hatuioni tena. Kwa mteleza barafu, bega ni sehemu ya mwili unaozunguka. Kinachotoka kwenye mkono kinaingia kwenye kiwiliwili, na jumla haibadiliki.

Nitafanya hesabu moja kamili, ya kiti cha Fundi badala ya barafu, kwa sababu namba zake ni rahisi kuzisimamia. Tuseme mtu pamoja na kiti wana inesha ya 1.5, kwa kilo na mita za mraba. Ameshika chuma cha kilo 2 kila mkono, umbali wa mita 0.8 kutoka kwenye mhimili. Vyuma vinaongeza 2.56, kwa hiyo jumla ni 4.06. Anazunguka nusu mzunguko kwa sekunde, yaani radiani 3.14. Nishati yake ni jouli 20.

Anavuta vyuma hadi mita 0.2. Vyuma sasa vinachangia 0.16 tu, na jumla ya inesha inakuwa 1.66. Ili L ibaki ileile, kasi inapanda hadi radiani 7.68, yaani mizunguko 1.2 hivi kwa sekunde. Nishati sasa ni jouli 49. Zimeongezeka 29.

Je, misuli imefanya kazi ya jouli 29 kweli? Mwanzoni kila chuma kinahitaji kuvutwa kwa nyutoni 16. Kadiri kinavyoingia, kani inapanda hadi karibu nyutoni 29 kinapokuwa kwenye sentimita 35 hivi, kisha inashuka hadi nyutoni 24 mwishoni. Wastani kwa umbali wote wa sentimita 60 ni nyutoni 24. Zidisha kwa mita 0.6, unapata jouli 14.5 kwa mkono mmoja, na kwa mikono miwili ni 29. Hakuna kilichobaki bila maelezo.

#13 Mwl_wa_Jioni

Mzee, nashukuru. Nilikuwa nikisema «misuli» kwa imani. Sasa nina kitu cha kuandika ubaoni. Ila nina swali dogo. Umesema momenta inatoka kwenye mkono na kuingia kwenye kiwiliwili. Kwa nishati inakuwaje? Nimejaribu kuigawa na nimepata jibu ambalo sikulitarajia: vyuma vyenyewe vimepoteza nishati.

#14 Mzee_wa_Hesabu

Umepata sawasawa, na hapo ndipo maelezo ya Kamanda ya #2 yanapoanguka. Mwanzoni kila chuma kilikuwa kikienda mita 2.5 kwa sekunde. Mwishoni, pamoja na kwamba mtu anazunguka haraka zaidi, chuma kinakwenda mita 1.5 tu kwa sekunde, kwa sababu kiko karibu sana na mhimili. Kwa hiyo mwendo wake haukubaki uleule wala haukuongezeka; ulipungua. Nishati ya vyuma ilishuka kutoka jouli 12.6 hadi 4.7, na nishati ya mwili na kiti ikapanda kutoka 7.4 hadi 44.

Kwa maneno mengine, misuli inalipa jouli 29, vyuma vinatoa karibu 8 vya akiba yao, na vyote vinaingia kwenye kiwiliwili. Njia inayopitia ni hii: chuma kinapoingia ndani kinafika mahali ambapo mwili, kwa kuwa uko karibu na mhimili, unakwenda taratibu kuliko chenyewe. Kinataka kuutangulia mwili. Mkono unakizuia, na katika kukizuia, mkono unasukumwa mbele, nao unalisukuma bega mbele. Msukumo huo wa pembeni ndio unaokiharakisha kiwiliwili. Anayekaa kwenye kiti cha Fundi anaweza kuusikia: wakati wa kuvuta, vyuma havielekei kutoroka nje tu, vinapotoka pia kwenda upande wa mzunguko.

#15 Fundi_Beringi

Hilo la kupotoka nalithibitisha. Mara ya kwanza nilidhani kiti kimepinda, nikakifungua bure.

#16 Kamanda_wa_Stendi

Namba sizipingi, lakini naona mnazunguka mbuyu. Kama bega linasukumwa pembeni, basi kinachoongeza kasi ni huo msukumo wa pembeni, wala siyo kule kuvuta ndani. Kwa hiyo nilikuwa sahihi kwamba kuvuta ndani kwenyewe hakufanyi lolote.

#17 Chura_wa_Pwani

Kamanda anahamisha goli, lakini amegusa kitu ambacho hata vitabu hukieleza kwa njia mbili zisizofanana. Ukisimama kando ya uwanja, hakuna kani inayosukuma nje. Kuna mkono unaokwenda kwa mzingo na kani inayouvuta kwa mshazari. Ukijiweka juu ya kiti na kuzunguka nacho, unaona kani inayosukuma vyuma nje na nyingine inayovipotosha pembeni, na misuli inafanya kazi dhidi ya ile ya kwanza peke yake. Jouli ni zilezile 29, lakini hadithi ya nani amefanya kazi juu ya nani inabadilika. Mimi wanafunzi wangu ningewapa ya kwanza tu.

#18 Mzee_wa_Hesabu

Mimi ningewapa ya pili, kwa sababu ndiyo anayoisikia binti wa MamaTumaini mabegani. Hapa tusitarajie kukubaliana.

#19 Dkt_Viungo

Habari zenu. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, na ningependa kuuliza upande ambao hamjaugusa. Mteleza barafu anapomaliza, ananyoosha mikono tena ili apunguze kasi na kutoka kwenye mzunguko. Kwa hesabu yenu, nishati inashuka kutoka 49 kurudi 20. Zile 29 zinakwenda wapi? Msiniambie zinarudi kwenye misuli kama pesa inavyorudi benki, maana misuli haifanyi kazi hivyo. Msuli unaorefuka huku ukishikilia mzigo hauhifadhi chakula. Nao unatumia nishati, ingawa kidogo kuliko unapofupika, na kinachoingia kutoka nje kinaishia kuwa joto. Kano zinaweza kuhifadhi sehemu ndogo kwa muda mfupi na kuirudisha, kama zinavyofanya mtu anaporuka.

#20 Mwl_wa_Jioni

Kwa hiyo mtu akikunja na kunyoosha mara kadhaa kwenye kiti kisicho na msuguano hata kidogo, anarudi kwenye kasi ileile kila anaponyoosha, lakini mwilini anapata joto tu?

#21 Dkt_Viungo

Ndiyo, na jasho. Kama mngeweka springi badala ya misuli, ingekuwa hadithi nyingine: springi ingetoa jouli 29 wakati wa kuvuta na kuzipokea zote wakati wa kuachia. Ila ni kiasi gani hasa kano za bega zinarudisha katika mwendo huu, hilo ni suala la kupima kwa mtu mwenyewe, na watu wanatofautiana.

#22 Chura_wa_Pwani

Niwaongezee la wale wanaoruka. Mmarekani Ilia Malinin alikuwa wa kwanza kutua ruko la akseli lenye mizunguko minne na nusu kwenye mashindano, Leki Plasidi, mwaka 2022. Muda wa kuwa hewani katika ruko kama hilo ni karibu sekunde 0.7, kwa hiyo wastani ni zaidi ya mizunguko 6 kwa sekunde. Akishaondoka kwenye barafu, hakuna tena kitu cha kumpa momenta. Aliyonayo wakati kiatu kinaachana na barafu ndiyo atakayotua nayo, na ujanja wote uliobaki ni kukunja mwili mapema, kisha kuufungua kwa wakati. Asipoufungua, anatua akiwa bado na kasi ya mzunguko ambayo mguu hauwezi kuizuia.

#23 MamaTumaini

Kocha hulisema hilohilo kila siku: «Fungua!» Watoto wengi huanguka kwa kuchelewa kufungua, wala siyo kwa kushindwa kuruka.

#24 Nusu_Shilingi

Nina fumbo kwa wanahesabu kabla sijalala. Mtu wa kiti cha Fundi amenyoosha mikono na anazunguka taratibu. Badala ya kuvuta vyuma, anaviachia vidondoke. Inesha yake imepungua ghafla kutoka 4.06 hadi 1.5. Je, kasi inapanda?

#25 Kamanda_wa_Stendi

Inapanda. Kwa fomula yenu wenyewe, I imepungua, ω lazima ipande. Hapo hakuna ujanja.

#26 Fundi_Beringi

Haipandi. Niliviachia siku moja kwa bahati mbaya, kimoja kikavunja kioo cha kabati. Kiti kiliendelea vilevile.

#27 Mzee_wa_Hesabu

Fundi yuko sahihi. Chuma kilichoachiwa kinaondoka na momenta yake chenyewe, na kuachia hakumsukumi mtu mbele wala nyuma. Momenta ya mtu na kiti ni ileile waliyokuwa nayo sekunde moja kabla, na inesha yao ni ileile 1.5, kwa hiyo wanaendelea na radiani 3.14. Kamanda ametumia fomula ya mfumo mmoja kwenye mfumo uliogawanyika.

#28 Kamanda_wa_Stendi

Na akivitupa badala ya kuviachia?

#29 Mzee_wa_Hesabu

Inategemea anavitupa upande gani. Akivirusha kinyume na mzunguko, kasi inapanda. Akivirusha mbele, inashuka, na akivirusha kwa nguvu ya kutosha anaweza hata kurudi nyuma. Akivirusha nje moja kwa moja kutoka kwenye mhimili, kasi inabaki ileile, ingawa vyuma vimeondoka na nishati zaidi.

#30 Fundi_Beringi

Tafadhali asijaribu mtu kwenye karakana yangu.